Gurudumu Lililopinduliwa: Jinsi Watu Walivyojifunza Kuhesabu Mzunguko

Mtu ameketi juu ya kiti kifupi kisicho na mgongo, ambacho mguu wake umetiwa gololi, hata ukikigusa kwa kidole huzunguka. Miguu yake haigusi sakafu. Mikononi ameshika gurudumu la baiskeli lililotiwa vishikio viwili, kimoja kila upande wa ekseli. Mwenzake amekwisha kulizungusha gurudumu kwa nguvu, naye amelipokea limelala bapa kama jiwe la juu la kusagia, linakwenda mbio, na kiti kimetulia kabisa. Sasa anafanya jambo moja tu: anaupindua mhimili wa gurudumu, upande uliokuwa juu uwe chini. Mara kiti kinaanza kuzunguka na yeye juu yake, wala hapana mtu aliyemsukuma. Akilipindua tena gurudumu lirudi kama lilivyokuwa, kiti kinasimama.

Waalimu wa elimu ya nguvu na mwendo wameupenda sana mchezo huu, nao humwuliza mwanafunzi: je, kiti kitazunguka upande gani, na kwa upesi gani? Jibu lake ni hesabu fupi ambayo mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Walakini njia ya kuifikia hesabu hiyo ilichukua zaidi ya miaka mia, na wengine walioipita walikuwa katika watu wenye akili nyingi kuliko wote wa zamani zao. Yafaa tuifuate njia hiyo kwanza, kisha tuje kwenye hesabu.

Mwingereza Isaac Newton alichapisha kitabu chake kikuu mwaka wa 1687. Katika kanuni yake ya kwanza alisema kwamba kitu kilichomo katika mwendo huendelea vivyo hivyo mpaka kipate nguvu ya kukigeuza au kukizuia. Alitoa mifano michache, na mmojawapo ni pia, ile ichezewayo na watoto. Alisema pia haiachi kuzunguka ila kwa sababu hewa inaizuia. Basi Newton alijua kwamba mzunguko hautoweki wenyewe. Lakini kanuni aliyoiacha ilikuwa ya mwendo wa kitu kinachokwenda kutoka mahali hata mahali pengine. Namna ya kupima mzunguko wa kitu kizima, wenye sehemu za karibu na katikati na sehemu za mbali, hakuieleza kwa ukamilifu.

Waliofuata walikutana na jambo hilo kwa njia ya kitendawili kidogo. Chukua mwanzi uliotobolewa, uulaze, uuzungushe kwa kuufunga katikati kwenye msumari uliosimama. Ndani yake tia gololi iwezayo kuteleza. Mwanzi ukizunguka, gololi itakimbilia ncha. Je, mwanzi utaendelea kwa upesi ule ule? Daniel Bernoulli, mtu wa mji wa Basel katika Uswisi, alishughulika na swali hilo kati ya miaka ya 1744 na 1746, na Leonhard Euler, ambaye naye alizaliwa Basel lakini wakati huo alikuwa Berlini, alishughulika nalo pia. Wakaona kwamba kadiri gololi inavyoenda mbali, mwanzi hupunguza mbio, tena hupunguza kwa kipimo kisichobadilika: kuna kiasi fulani ambacho, ukikijumlisha kwa mwanzi na gololi pamoja, hakiongezeki wala hakipungui. Katika miaka hiyo hiyo Patrick d'Arcy, aliyezaliwa Ayalandi akakaa Ufaransa, alifikia neno lile lile kwa njia yake mwenyewe. Watu watatu, kila mmoja na kalamu yake, wakafika mlango mmoja.

Kiasi hicho mimi nitakiita kiasi cha mzunguko. Hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili. Cha kwanza ni ugumu wa kitu kuzungushwa, na cha pili ni upesi wake, yaani huzunguka mara ngapi kwa nukta moja. Ugumu wa kuzungushwa nao hautokani na uzito peke yake, bali watokana pia na mahali uzito ulipo. Kilo moja iliyo mbali na katikati mara mbili huwa ngumu si mara mbili, bali mara nne. Iliyo mbali mara tatu, mara tisa. Kwa hiyo kipimo chake ni uzito, mara umbali, mara umbali tena. Ndiyo sababu gurudumu la baiskeli lafaa sana kwa mchezo wetu: karibu uzito wake wote umo katika rimu na mpira, mbali na ekseli, na spoki zina uzito mdogo.

Hata hapo bado lilikosekana jambo moja, na bila jambo hilo mchezo wa kiti haueleweki. Mzunguko una upande. Gurudumu lililolala bapa, likitazamwa na mtu aliye juu yake, laweza kwenda kama mishale ya saa au kinyume chake. Na gurudumu lililosimama, kama lile la baiskeli iendayo njiani, lina upande mwingine tena. Utajumlishaje mizunguko yenye pande mbalimbali? Mfaransa Louis Poinsot, aliyezaliwa Parisi mwaka wa 1777, ndiye aliyelifanya jambo hili liwe la kuonekana kwa macho. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1803, na baadaye katika maandiko yake ya mwaka wa 1834 juu ya mzunguko wa vitu, alionyesha kwamba nguvu za kuzungusha, na mzunguko wenyewe, zaweza kuchorwa kwa mstari ulionyoka unaofuata mhimili. Urefu wa mstari ni kiasi, na ncha yake ni upande.

Desturi iliyokubaliwa ni hii. Kunja vidole vinne vya mkono wa kuume, vielekee kule rimu inakokwenda. Kidole gumba kikiinuliwa kitaonyesha upande wa mshale. Gurudumu likiwa limelala nalo linakwenda kinyume cha saa kwa mtu alitazamaye toka juu, mshale wake waelekea juu. Ukilipindua, vile vile likizunguka, mshale waelekea chini. Huo ndio ufunguo. Mtu aliyeketi kitini hakuupunguza mzunguko wa gurudumu hata kidogo. Aliugeuza mshale wake tu.

Sasa twaweza kufanya hesabu. Tuseme rimu na mpira vina uzito wa kilo 2, na umbali toka ekseli mpaka rimu ni sentimeta 30. Ugumu wake ni 2 mara 30 mara 30, yaani 1,800. Gurudumu lazunguka mara 3 kwa nukta moja, upesi ambao mkono wenye nguvu waweza kuutoa. Kiasi chake cha mzunguko ni 1,800 mara 3, yaani 5,400, na mshale wake waelekea juu.

Mtu naye? Tuseme ana kilo 60, nasi tuuhesabu mwili wake kana kwamba uzito wote umekaa sentimeta 20 toka katikati ya kiti. Hiyo ni 24,000. Gurudumu lenyewe, kwa kuwa analichukua mbele ya kifua kama mtu achukuaye sinia, sentimeta 50 toka katikati, laongeza 2 mara 50 mara 50, yaani 5,000. Hilo ni la kuchukuliwa kwake tu. Kuzunguka kwake juu ya ekseli yake twakuhesabu mbali. Kwa ajili ya miguu iliyokunjuliwa mbele na kwa ajili ya kiti chenyewe tuongeze 7,000. Jumla ni 36,000. Hesabu hii ya mwili ni ya kukisia, maana hakuna watu wawili walio sawa, lakini haiko mbali na kweli.

Kabla ya kupindua, mtu na kiti wametulia: kiasi chao ni sifuri. Gurudumu lina 5,400 juu. Basi jumla ya vyote ni 5,400 juu, na jumla hiyo haina ruhusa ya kubadilika, kwa maana gololi za kiti haziwezi kumsukuma mtu azunguke wala kumzuia. Baada ya kupindua, gurudumu lina 5,400 chini. Ili jumla ibaki 5,400 juu, mtu na kiti hawana budi kupata 5,400 ya kufuta ile ya chini, na 5,400 nyingine ya kujaza jumla. Ni kama daftari ya mweka hazina: aliyekuwa na shilingi kumi mkononi, akaonekana ana deni la shilingi kumi, huku jumla ya mali ya nyumba haikubadilika, basi ujue ndugu yake amepata ishirini. Mtu na kiti wamepata 10,800. Gawanya kwa ugumu wao 36,000, unapata sehemu 3 katika 10 za mzunguko kwa nukta moja. Yaani mtu atamaliza mzunguko mmoja kwa nukta tatu na theluthi. Naye atazunguka upande ule ule ambao gurudumu lilikuwa likizunguka kwanza, kabla halijapinduliwa.

Wanafunzi wengi hukosa hapa kwa kusema 5,400 badala ya 10,800. Hudhani gurudumu limempa mtu mzunguko wake, kana kwamba lilipopinduliwa lilisimama. Halikusimama. Limetoka juu likaenda chini, na toka juu mpaka chini ni safari mbili: moja mpaka sifuri, nyingine toka sifuri. Ukitaka kuiona ile ya kwanza peke yake, simama katikati ya kupindua, mhimili ukiwa umelala mbele yako na gurudumu limesimama kama lilivyo njiani. Hapo mshale hauelekei juu wala chini. Kiti kinazunguka kwa nusu ya upesi tuliouona, mzunguko mmoja kwa nukta karibu saba. Endelea kupindua, na kiti kinaongeza mwendo mpaka mara mbili yake.

Kuna jambo jingine dogo ambalo vitabu vingi hulipita. Gurudumu halina budi kushika upesi wake wa mara 3 kwa nukta, ukipimwa na mtu aliyesimama sakafuni, maana mikono ishikayo ekseli haiwezi kuizungusha rimu. Lakini mtu aliye kitini sasa yeye mwenyewe anazunguka kinyume chake. Kwa macho yake gurudumu linakwenda mara 3 na sehemu 3 katika 10. Ameliona likiongeza mbio, na ye yote aliye sakafuni haoni ongezeko lo lote.

Je, akilizuia gurudumu kwa kuliegemeza kifuani mpaka lisimame? Wengi hutazamia kwamba mtu atasimama pamoja nalo, au kwamba ataongeza mbio. Tuangalie daftari. Jumla ingali 5,400 juu. Sasa vitu vyote vinakwenda pamoja kama kitu kimoja, na ugumu wao ni 36,000 na 1,800, yaani 37,800. Gawanya: mzunguko mmoja kwa nukta 7 kamili. Mtu amepungua mbio, kwa kuwa rimu iliyokuwa ikienda kinyume imemburuta. Tena, kama angalilizuia gurudumu tangu mwanzo, kabla ya kulipindua hata kidogo, lingalimvuta upande wake, naye angalizunguka mara moja kwa nukta 7 vile vile. Pindua au usipindue, mwisho wa gurudumu lililozuiwa ni mmoja. Mimi naona hili ndilo jaribio zuri kuliko lile la kupindua, kwa sababu halina mastaajabu ya macho, nalo laonyesha wazi kwamba jumla ndiyo itawalayo.

Na tena, lazima kuuliza gurudumu lilizungushwa na nani. Katika hesabu yetu mwenzake aliyesimama sakafuni ndiye aliyelizungusha, naye alikishika kiti kisiende mpaka alipokwisha kulikabidhi. Kama mtu angaliketi juu ya kiti kilicho huru akalizungusha kwa mkono wake mwenyewe, kiti kingaliondoka papo hapo kwenda kinyume, na jumla ya vyote ingalikuwa sifuri. Gurudumu 5,400 juu, mtu 5,400 chini; anazunguka mara moja kwa nukta karibu saba, kinyume cha gurudumu. Akipindua, mambo yote mawili yanageuka: gurudumu chini, mtu juu, kwa upesi ule ule. Akilizuia, kila kitu kinatulia.

Katika hesabu ya sifuri ya namna hii paliwahi kutokea mabishano makubwa Parisi. Mwaka wa 1894 Etienne-Jules Marey alileta katika Chuo cha Elimu cha nchi ile picha za paka, zilizopigwa nyingi kwa nukta moja. Paka alishikwa miguu juu mgongo chini, akaachiliwa, akafika chini kwa miguu yake kama paka wote. Baadhi ya wataalamu walikuwa wamesema kwamba kitu kisicho na mzunguko wo wote hakiwezi kujigeuza hewani, kwa hiyo lazima paka huusukuma mkono wa mtu anapoachiliwa. Picha zilionyesha sivyo: mwanzoni paka hana mzunguko hata chembe, na bado anageuka. Ndipo walipofahamu kwamba jumla ya sifuri si amri ya kutulia. Paka hukunja miguu ya mbele na kunyosha ya nyuma, hata sehemu yake ya mbele huwa nyepesi kuzungushwa na ya nyuma huwa nzito. Huigeuza ya mbele sana huku ya nyuma ikirudi kidogo. Kisha hubadili kunja na kunyosha, akaigeuza ya nyuma. Jumla ni sifuri tangu mwanzo hata mwisho, na paka amekwisha geuka.

Turudi kitini. Nguvu ya kumzungusha mtu yatoka wapi, ikiwa hapana aliyemsukuma? Kuzunguka kwa mtu kunahitaji kazi, na kazi hiyo haikutoka katika gurudumu, maana gurudumu lina upesi ule ule. Imetoka katika mikono yake. Ye yote aliyejaribu ajua kwamba gurudumu linalokwenda mbio halipinduki kwa upole. Ukiliinamisha upande mmoja, lenyewe lajaribu kuponyokea upande mwingine, kama mtoto mkaidi anayevutwa sokoni. Mfaransa Leon Foucault aliitumia tabia hii mwaka wa 1852, alipotengeneza gurudumu dogo zito lililoning'inizwa ndani ya pete, ili lionyeshe kwamba dunia inazunguka. Naye ndiye aliyekipa chombo hicho jina la jiroskopu. Mikono ya mtu wetu inapolizuia gurudumu lisiponyoke, gurudumu nalo humsukuma yeye, na msukumo huo ndio unaokizungusha kiti. Kazi yote ya kupindua, kwa hesabu yetu, ni karibu sawa na kuinua kilo moja sentimeta 65. Si kazi kubwa, lakini mikono huisikia.

Na kuna swali ambalo mwanafunzi mwerevu huliuliza, na mwalimu hana budi kuwa tayari. Tulipolisimamisha gurudumu katikati, mshale wake wa 5,400 ulielekea mbele. Mwanzoni hapakuwa na mshale wo wote uelekeao mbele. Umetoka wapi? Umetoka sakafuni. Kiti kina uhuru mmoja tu, wa kuzunguka kwenda kushoto na kulia. Kikitaka kuinama, miguu yake hukanyaga sakafu, na sakafu hukizuia. Kwa hiyo daftari yetu hulindwa kwa mshale wa juu na chini peke yake. Mishale ya pande nyingine huingia na kutoka kupitia miguu ya kiti, na dunia yote ndiyo inayoipokea. Ndiyo maana anayepindua kwa haraka husikia kiti kinataka kumwangusha. Hiyo si dalili ya kiti kibovu. Wenye busara hukaza miguu ya kiti, au huweka mtu wa kukishika chini, pasipo kuigusa sehemu izungukayo.

Dalili za ubovu ni nyingine. Kiti kikizunguka kisha kikarudi, kikienda na kurudi kama pembea, mguu wake haukusimama wima, na uzito wa mtu unatafuta upande ulio chini. Tia kigae chini ya mguu mmoja mpaka kikome. Kiti kikipungua mbio upesi, gololi zake ni kavu. Jaribu kwa kumzungusha mtu bila gurudumu, na kama kwa muda wa mizunguko miwili amekwisha poteza nusu ya mwendo, usitazamie hesabu ikubaliane na saa. Lakini kosa lionekanalo mara nyingi ni gurudumu jepesi. Tuseme lina kilo 1 tu katika rimu, nalo lazunguka mara 1 kwa nukta. Kiasi chake ni 900. Mtu atapata 1,800 katika 33,500, yaani mzunguko mmoja kwa nukta karibu 19, na ukavu wa gololi utaumeza wote. Watazamaji watasema hapana kilichotokea. Kwa sababu hii watengenezaji wa vyombo vya shule huzungushia rimu risasi au waya mzito mahali pa mpira. Tena, vidole na nguo viwe mbali na spoki.

Katika vitabu vya Kijerumani kiti hiki huitwa kwa jina la Ludwig Prandtl, aliyefundisha Göttingen tangu mwaka wa 1904, mtu aliyejulikana zaidi kwa elimu yake ya mwendo wa hewa juu ya mabawa ya ndege. Kiti ni kitu kidogo katika kazi zake, lakini wengi wasiojua lo lote juu ya mabawa wamekikalia.

Tufikiri sasa kama pasingalikuwapo sakafu kabisa. Tarehe 12 Desemba 1970 palirushwa chombo cha Waamerika kutoka jukwaa la San Marco, lililokuwa la Waitalia, baharini karibu na Malindi katika Kenya. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru wake, na kwa heshima hiyo chombo kikaitwa Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza kilichopelekwa juu kwa ajili ya kuzitafuta nyota zitoazo miali ya eksirei, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Kazi yake ilikuwa kuizunguka dunia huku chenyewe kikigeuka polepole sana, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ili macho yake yafagie mbingu mshipi kwa mshipi. Kitu kinachogeuka polepole namna hiyo huyumba kwa urahisi. Basi ndani yake walitia gurudumu liendalo mbio, na mshale wa gurudumu hilo ndio uliokishika chombo kielekee mahali pamoja.

Lakini waliposhiba upande mmoja wa mbingu, wakitaka kukielekeza upande mwingine, hawakuwa na miguu ya kiti wala sakafu ya kupokea mshale uliogeuzwa. Kupindua gurudumu kwa ndani kungalikizungusha chombo kizima, kama mtu wetu. Ilihitajika nguvu ya nje, nao waliipata katika usumaku wa dunia. Chombo kilikuwa na nyaya zilizoviringwa. Umeme ukipita ndani yake, kikawa kama sindano ya dira, na dunia ikakivuta taratibu mpaka mhimili wake ukaelekea walikotaka. Kilifanya kazi hiyo mpaka mwaka wa 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nacho ina vituo 339 vya miali ile.